Kiwanja cha pembetatu: nilivyopata eneo kwa pande tatu tu

Kiwanja changu pembezoni mwa Dar es Salaam ni pembetatu, kipande kilichobaki baada ya barabara ya mtaa kupita kimshazari. Muuzaji alikitoa kwa bei ya mita ya mraba, kama elfu kumi na tano hivi. Pande zake ni mita 38.4, 31.6 na 25.0.

Dalali alikuja na hesabu yake tayari: "Bosi wangu, pembetatu ni nusu ya mstatili. Zidisha huu mrefu kwa huu unaofuata, gawa kwa mbili." Kwa hesabu hiyo unapata mita za mraba 606.7. Ushauri huu unaniudhi mpaka leo, maana unafanana na kitu tulichofundishwa shuleni. Nusu ya kitako mara kimo ni kweli kabisa, lakini kimo lazima kikutane na kitako kwa nyuzi 90. Upande wa kiwanja unakuwa kimo pale tu ambapo kona yenyewe ni mraba, na kona kati ya pande zile mbili ilikuwa kama nyuzi 40 tu.

Kupima kimo chenyewe kulikuwa kugumu: katikati kuna kichaka, na bila kifaa cha pembe huwezi kuwa na hakika na mraba wako. Kanuni ya Heroni wa Aleksandria haihitaji kimo wala pembe. Unajumlisha pande tatu, unagawa kwa mbili kupata nusu ya mzingo, tuiite s, kisha:

```
eneo = √( s × (s−a) × (s−b) × (s−c) )
```

Mzingo wangu ni 95.0, hivyo s ni 47.5. Nikitoa kila upande kutoka kwenye s nabaki na 9.1, 15.9 na 22.5. Hapa simama kidogo: jumla ya mabaki haya matatu lazima irudi kuwa s. Kweli, 9.1 + 15.9 + 22.5 ni 47.5. Isiporudi, umekosea kutoa. Na baki likiwa sifuri au hasi, kosa liko kwenye vipimo, kwa sababu hakuna pembetatu ambayo upande mmoja unafikia au kuzidi jumla ya miwili iliyobaki.

Nazidisha mawili mawili ili namba zisinichanganye: 47.5 × 9.1 ni 432.25, na 15.9 × 22.5 ni 357.75. Zao lake ni kama 154,637, na kipeuo chake cha pili ni 393.2. Watu wengi husahau kipeuo, wakashtuka kuona kiwanja kina mita laki moja na nusu. Tofauti na jibu la dalali ni zaidi ya mita 213 za mraba. Kwa bei ile, milioni tatu na ushee.

Kuna njia ya haraka ya kulikagua jibu. Zidisha pande mbili fupi, gawa kwa mbili: 31.6 × 25.0 ÷ 2 ni 395. Eneo haliwezi kamwe kuvuka hapo. Langu ni 393.2, karibu sana na kikomo, kwa kuwa kona kati ya pande hizo inakaribia nyuzi 90.

Vuta utepe usawa, usiulaze kwenye mteremko, na usipimie kamba ya manila, maana inarefuka ukiivuta. Hatua za miguu ndiyo usiziguse kabisa, hasa kwa pembetatu nyembamba. Chukua pande 40, 24.5 na 17: eneo ni kama 108.6. Upande mrefu ukisomwa 40.5, eneo linashuka hadi kama 90. Nusu mita imekula zaidi ya mita 18 za mraba! Sababu ni lile baki dogo: limetoka 0.75 hadi 0.5, yaani theluthi yake imepotea, na linazidisha kila kitu. Kwenye kiwanja changu, nusu mita ileile juu ya upande mrefu inabadilisha eneo kwa chini ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo ukiona baki moja ni dogo mno kuliko mengine, pima tena pande zote, mara mbili kila mmoja.

Kiwanja cha pande nne nacho kinapimika hivi: pima pande zote na ulalo mmoja, upate pembetatu mbili, kisha jumlisha maeneo. Kama una nafasi ya kuchagua ulalo, chukua ule usiozaa pembetatu nyembamba.