Nilivyomnunulia mdogo wangu wa Hamburg zawadi ya Idi nikiwa Tanga

Mdogo wangu ameolewa na anaishi Hamburg, Ujerumani, na mwaka 2024 nilitaka Idi el Fitri imkute na blenda nzuri ya kusagia nazi na viungo, kwa sababu ile aliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Wazo la kununua blenda hapa Ngamiani na kuituma kwa ndege niliachana nalo mapema. Plagi zetu za pini tatu haziingii katika soketi za Ujerumani, na zaidi ya hapo kuna ushuru wa forodha ambao watu wengi huuelewa nusunusu.

Umoja wa Ulaya husamehe kodi kwa zawadi isiyozidi thamani ya euro 45, lakini msamaha huo ni wa mtu binafsi anayemtumia mtu binafsi bila malipo. Kifurushi kinachotumwa na duka lililo nje ya Umoja huo ni bidhaa iliyouzwa, hata kama mnunuzi ameandika juu yake kwamba ni zawadi, na tangu tarehe 1 Julai 2021 bidhaa ya namna hiyo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata ikiwa ya bei ndogo. Kwa Ujerumani kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 19, na duka lisipoitoza wakati wa kununua, anayedaiwa mlangoni ni mpokeaji. Sikutaka mdogo wangu alipie zawadi yake mwenyewe, kwa hiyo nikaamua kununua katika duka la mtandaoni ambalo mzigo wake tayari umo ndani ya Ujerumani.

Kulijua duka la namna hiyo hakutegemei anwani ya tovuti kuishia na .de, kwa kuwa muuzaji wa mbali naye anaweza kutumia anwani hiyo. Sheria ya Ujerumani inamtaka mfanyabiashara wa mtandaoni aweke ukurasa uitwao Impressum, ambao kwa kawaida kiungo chake huwa chini kabisa ya tovuti, ukionyesha jina lake na mahali alipo. Katika duka la kwanza nililolifungua, muuzaji wa blenda niliyoipenda alikuwa nje ya Ulaya, nikafunga. La pili lilikuwa na ofisi Ujerumani, na katika ukurasa wa masharti ya usafirishaji liliandika kwamba mizigo hutoka katika ghala lake la hukohuko.

Swali lililofuata lilikuwa kama duka linamkubali mnunuzi aliye Tanzania. Hapa kuna anwani mbili zisizopaswa kuchanganywa: Rechnungsadresse ni anwani ya anayelipa, na Lieferadresse ni ya anayepelekewa mzigo. Yapo maduka ambayo orodha yao ya nchi za mlipaji ina nchi za Ulaya tu, na ni heri kuiangalia orodha hiyo kabla ya kuchagua bidhaa. Langu lilikuwa na Tansania, kama Wajerumani wanavyoiandika, nami nikajaza anwani ileile iliyopo benki kwenye kadi yangu ya Visa. Nililipa kwa kadi na si kwa kuhamisha fedha benki, kwa kuwa anayehamisha fedha hungojewa mpaka zifike ndipo siku za usafirishaji zianze kuhesabiwa.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni jina la mpokeaji, na ndilo ningemsihi kila mtu alichunguze. Sisi nyumbani tunamwita Mama Zuhura, na hata fedha za simu tulikuwa tukimtumia kwa jina ambalo si lile la pasipoti. Ujerumani nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za vyumba. Mleta vifurushi hufika kwenye mlango mkubwa wa chini, husoma majina yaliyobandikwa kando ya kengele, na asipoliona jina lililoandikwa kwenye kifurushi anaweza kukirudisha kwa mtumaji. Nilimpigia simu kumwuliza kengele yao imeandikwa nini, akanijibu, “Kaka, pale pana jina la baba mkwe tu, langu halipo.” Mke wa Kiswahili hubaki na jina la baba yake, na karani wa kifurushi hana namna ya kujua kwamba watu hao wawili wanaishi pamoja.

Nilimwomba aniandikie anwani yote kwa ujumbe wa simu, ili nisiinakili kwa kusikia. Mstari wa kwanza tuliweka jina lake kama lilivyo katika pasipoti, kwa sababu kifurushi kikipelekwa kituoni ataombwa kitambulisho. Wa pili tuliweka c/o likifuatiwa na jina lililo kwenye kengele. Baada ya hapo likaja jina la mtaa na namba ya nyumba baada yake, kisha postikodi ya tarakimu tano ikitangulia neno Hamburg. Mtaa wao una herufi ß ambayo simu yangu haikuwa nayo, nikaandika ss, na hilo hukubalika kote Ujerumani. Namba ya simu niliiandika kwa +49 bila ile sifuri ya mwanzo. Sehemu ya barua pepe ya taarifa za mzigo niliweka ya kwake, kwa maana mimi wa Tanga nikipata taarifa kwamba mzigo uko njiani sina la kufanya.

Siku nilizihesabu kwa kurudi nyuma. Idi ilitarajiwa tarehe 9 au 10 Aprili kwa kutegemea mwandamo, lakini katikati palikuwa na Pasaka: Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi na Jumatatu ya tarehe 1 Aprili ni mapumziko Ujerumani nzima. Duka liliahidi siku 3 hadi 5 za kazi, yaani Werktage. Neno hilo kwa kawaida huhesabu Jumamosi, ila wapo wauzaji wasioihesabu, nami nikachukua hesabu iliyo mbaya zaidi. Nikiagiza Jumatano tarehe 20 Machi, siku ya tano ingekuwa Jumatano tarehe 27, na Alhamisi ikabaki ya akiba kabla ya mapumziko. Nikingoja hadi Jumatatu inayofuata, hesabu hiyohiyo ingenipeleka tarehe 3 Aprili. Bado ni kabla ya Idi, lakini mpokeaji asipokuwapo nyumbani kifurushi huenda kituoni, ambako DHL hukihifadhi kwa siku 7 za kazi, na mtu aliyefunga, mwenye kazi na watoto, si rahisi akimbie huko siku za mwisho za Ramadhani. Niliagiza hiyo tarehe 20, asubuhi, kwa kuwa duka lilitaka agizo liingie kabla ya saa sita mchana ya kwao, ambayo mwezi ule, kabla hawajasogeza saa zao, ilikuwa saa nane mchana ya Tanga.

Kifurushi kilifika Jumanne tarehe 26 wakati yeye yuko kazini, na mletaji akakiacha kwa jirani wa chini, akatia kadi yenye jina la jirani huyo kwenye sanduku la barua. Jioni, baada ya kufuturu, alikichukua. Bei haikuwamo ndani kwa sababu nilikuwa nimechagua ankara iletwe kwangu kwa barua pepe. Hata hivyo baada ya Idi nilimtumia nakala ya ankara hiyo, kwa kuwa sheria ya huko humwajibisha muuzaji kwa kasoro ya bidhaa mpya kwa miaka 2, na blenda ikileta shida atahitaji uthibitisho wa ununuzi ulio kwa jina langu.