Jenogramu ilivyonipeleka kwa shangazi wa mgonjwa

Nilipoanza kazi ya kliniki, wenzangu waliniambia nisihangaike kuchora jenogramu, yaani mchoro wa familia wenye watu, magonjwa na mahusiano yao; fomu inatosha. Saratani katika familia? Ndiyo au hapana, weka tiki, mwite anayefuata. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, na nitaeleza kwa nini.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama wa miaka 36. Alikuja kwa kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, na kwenye fomu alikuwa ameandika: "Baba alifariki kwa tumbo." Basi. Nikachukua karatasi.

Karatasi ya kwanza niliiharibu. Nilichora watu, magonjwa na mahusiano kwa pamoja, kadiri alivyokuwa akisimulia. Mistari ya zigizaga inayoonyesha ugomvi ikapita juu ya mistari ya ndoa, hata nikawa sijui mstari upi ni wa mtoto na upi ni wa chuki. Nikaanza upya, na tangu siku hiyo nachora kwa awamu tatu. Kwanza watu peke yao: miraba ya wanaume, miduara ya wanawake, mgonjwa mwenyewe kwa mstari maradufu, waliofariki kwa alama ya X, watoto kuanzia mkubwa kushoto. Kisha magonjwa. Mahusiano mwisho, kwa kalamu ya rangi nyingine.

Awamu ya kwanza ndiyo inayochosha, kwa sababu ya maneno yetu wenyewe. Aliniambia ana baba wadogo wawili, na mmoja alikufa kwa saratani ya utumbo. Nikamuuliza, "Huyu na baba yako ni tumbo moja?" Akafikiri, akasema hapana, huyo ni mtoto wa mama mdogo wa baba. Kumbe alikuwa upande wa bibi, si wa babu! Ningemchora kama ndugu wa tumbo moja na baba, familia nzima ingesomeka vibaya. Usiulize "ana ndugu wangapi?" Uliza huyu alizaliwa na mama yupi na baba yupi, mmoja mmoja, hata kama inaonekana kama unarudia.

Kwenye magonjwa, "tumbo" halikunitosha. Nikauliza baba alitibiwaje. Akasema alipasuliwa, akawa na mfuko wa kinyesi ubavuni. Mfuko huo pekee hauthibitishi saratani, lakini ulinifanya niombe karatasi za hospitali, na mama yake alikuwa amezitunza: saratani ya utumbo mpana. Baba alifariki na miaka 48, ila iligunduliwa akiwa na 46. Andika umri wa kugundulika, si wa kufa tu, maana ndio utakaoupigia hesabu. Babu, mzazi wa baba, alisemekana kutokwa damu kwenye choo kikubwa kabla ya kufa. Huyo nilimwekea alama ya kuuliza, na haijaondoka.

Halafu mahusiano. Baba alikuwa na dada mmoja wa tumbo moja, na kwenye duara lake hapakuwa na ugonjwa wowote. Nilipofika kwake na kalamu nyekundu, mgonjwa akasema, "Huyo hatuongei naye tangu ugomvi wa nyumba ya urithi." Nikachora mstari uliokatika katikati kwa vijistari viwili, na hapo nikaelewa: duara lile halikuwa la mtu mzima wa afya, lilikuwa la mtu asiyejulikana. Nikarudi kwenye kila mstari uliokatika nikaandika "haijulikani". Pengo la habari lilikuwa limekaa palepale penye pengo la mahusiano.

Baada ya wiki mbili alimpigia simu shangazi. Shangazi alikuwa hai, na alikuwa ametibiwa saratani ya kizazi. Nikamwomba aulize tena: ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba? Watu huita zote kizazi, lakini ya mlango husababishwa hasa na kirusi na haiingii katika hesabu hii, na ya mji wa mimba inaweza kurithiwa pamoja na ya utumbo mpana. Shangazi akasoma cheti chake kwenye simu: utando wa ndani wa mji wa mimba, miaka 48.

Ndugu wawili wa tumbo moja, wote kabla ya miaka 50, na babu mwenye alama ya kuuliza. Jenogramu haipimi jeni, kwa hiyo nilimwandikia rufaa ya ushauri wa vinasaba. Kuhusu utumbo sikusubiri: kwa mtoto wa mgonjwa wa namna hii, kipimo cha kamera huanza miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzazi. Toa 10 kwenye 46, unapata 36, umri wake mwaka uleule. Walimkuta na vivimbe viwili vidogo, wakaviondoa.

Usingizi tuliendelea kuushughulikia, na haukurudi haraka. Mstari wa shangazi sikuufuta. Niliandika pembeni tarehe waliyozungumza, nikachora mwingine chini yake. Mara iliyofuata mgonjwa alikuja na binti wa shangazi, na tukaongeza watoto watatu ambao hakuwahi kuwajua.