Tendo la ndoa nikiwa mjamzito: daktari alituzuia, baadaye akaturuhusu

Mimba yangu ilipokuwa changa, mume wangu alikuwa akiogopa hata kunisogelea, akidhani atamuumiza mtoto. Nesi wa kliniki alitutoa hofu. Mimba ikiwa haina tatizo, alisema, tendo la ndoa ni salama: mtoto yumo ndani ya chupa yenye maji, na mlango wa kizazi umefungwa na kuzibwa kwa ute mzito. Tumbo likikaza kidogo baada ya kufika kileleni, hulegea lenyewe. Nikamuuliza na lile la shangazi yangu, kwamba utando mweupe anaozaliwa nao mtoto ni mbegu za baba. Akasema hapana, utando ule hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo tuliendelea bila wasiwasi mpaka ultrasaundi ya wiki ya 20. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, ukingo wake sentimita 1 tu kutoka mlango wa kizazi. Daktari alitaka angalau sentimita 2. Nilimwomba amwite mume wangu aingie asikie mwenyewe, maana sikutaka lionekane ni neno langu. Alituambia tusiingiliane, hata kwa vidole, kwa sababu ukingo ulio karibu na mlango ukiguswa au ukibanduka, damu inaweza kutoka nyingi. Tena damu hiyo mara nyingi haina maumivu, kwa hiyo nisisubiri kuumwa: nikiiona, niende hospitali saa hiyohiyo. Na popote nitakapotibiwa niseme kondo liko chini kabla mtu hajanipima njia. Kukumbatiana na kukandana mgongo hakukuwa na shida, na miezi ile ndivyo tulivyoishi.

Wiki ya 32 nilirudia kipimo. Ukingo ulikuwa sentimita 4 kutoka mlangoni. Kondo halitembei, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ndiyo inayotanuka na kulipandisha, na kwa wanawake wengi huisha hivyo. Daktari akaturuhusu. Angekuta bado liko karibu na mlango, zuio lingebaki na huenda ningejifungua kwa upasuaji. Alitaja na wengine anaowazuia: aliyepasuka chupa, anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo, na mwenye mlango wa kizazi mfupi au dalili za uchungu kabla ya wakati.

Tulirudi kwa utaratibu, nikilala ubavu kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa. Siku moja baada ya tendo niliona matone ya damu kwenye chupi. Nilikwenda kuangaliwa usiku uleule, na daktari aliona chanzo ni shingo ya kizazi, ambayo wakati wa mimba hujaa mishipa ya damu na huchubuka kirahisi. Kondo lilikuwa palepale juu, na moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga vizuri.