Ninavyowatoa watazamaji kwenye urojo na kuwafikisha kwenye bajia

Chaneli yangu ya mapishi naiendesha kutoka jikoni kwetu Mwanakwerekwe, na video inayotazamwa kuliko zote ni ya urojo. Mchuzi wa urojo wenyewe, wa unga, embe mbichi na manjano, hauna shughuli kubwa. Shughuli iko kwenye vinavyotiwa bakulini, yaani bajia za dengu, kachori, viazi, chatne ya nazi na chipsi za muhogo, ambavyo kila kimoja kina mapishi yake. Sikutaka kuyafundisha yote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa anayejua kukaanga bajia tangu utotoni angechoka kungoja na kuondoka. Bajia na kachori nilizirekodia video zake peke yake, ikabaki kazi ya kumtoa mtazamaji kwenye urojo na kumfikisha huko kwa wakati anaouhitaji.

YouTube ina vyombo vitatu vya kazi hiyo. Kadi hujitokeza kwenye pembe ya juu kulia wakati video inaendelea, skrini ya mwisho huonekana video inapokaribia kumalizika, na maoni ya mwenye chaneli yanaweza kubandikwa juu ya maoni mengine yakiwa na kiungo. Mimi sivitumii vyote kupeleka watu mahali pamoja, kwa sababu kila kimoja humkuta mtazamaji katika hali tofauti.

Kilichonishughulisha zaidi ni skrini ya mwisho. YouTube huiruhusu kwa video isiyopungua sekunde 25, nayo hukaa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho tu, ikibeba vipengele visivyozidi vinne. Huwekwa kwenye YouTube Studio, katika ukurasa wa maelezo ya video, kwa kubofya "End screen", na kuiweka ni jambo la dakika chache. Kazi hasa hufanyika siku ya kurekodi, maana vile visanduku hulala juu ya picha, na picha isiyoachiwa nafasi hufunikwa. Kwa hiyo bakuli la urojo naliweka upande wa kushoto wa meza, upande wa kulia ukabaki mkeka mtupu, na sehemu ya chini siiwekei kitu kwa ajili ya wanaosoma manukuu.

Jambo la pili ni maneno. Ukitazama mchoro wa YouTube Studio unaoonyesha watazamaji wanaobaki kila sekunde, utaona mstari unavyoporomoka pale tu msemaji anapoanza kuaga. Mtu akisikia "haya, hadi hapa nimemaliza, asanteni sana", kidole kimeshaondoka, na skrini ya mwisho inakuja wakati hayupo. Katika urojo, ambao video yake ni ya dakika 9 na sekunde 40, hatua ya kumimina mchuzi juu ya bajia na kunyunyiza chatne nimeiacha kwa makusudi hadi dakika ya 9 na sekunde 20, pale skrini ya mwisho inapoanza. Mkono unamimina kushoto, sanduku la video ya kachori limekaa kulia, nami nasema: "Kachori hizi unazoziona nimezikaanga asubuhi, na namna ya kuzifanya zisipasuke kwenye mafuta iko hapo pembeni." Kuaga siagi kabisa. Mama yangu mdogo aliona hilo si adabu, akaniuliza, "Mwanangu, unawaacha wageni bila ya kuwaaga?" Nikamjibu kwamba hao bado hawajaondoka, nawahamishia chumba cha pili.

Kuhusu kipengele chenyewe, YouTube inakupa chaguo la video mpya kabisa, "Most recent upload", chaguo la kuiachia yenyewe imchagulie kila mtazamaji, "Best for viewer", na chaguo la kuitaja video unayoitaka. Kwa urojo nimeitaja video ya kachori, kwa kuwa ile sentensi yangu ingekuwa uongo iwapo sanduku lingeonyesha kitu kingine. Chaguo la kuiachia YouTube nalitumia kwenye video zisizo na mwendelezo, kwa mfano ya juisi ya ukwaju. Nafasi nne sizijazi. Video moja na kitufe cha kujiunga vinanitosha, kwani mtu aliyewekewa vitu vinne kwa sekunde chache huishia kutogusa hata kimoja.

Kadi zina hatari yake, nayo ni kwamba anayeigusa huiacha video uliyomwita aitazame. YouTube inaruhusu hadi kadi tano, lakini kwenye urojo ninayo moja tu, katika dakika ya 6 na sekunde 10, pale bajia zinapoingia bakulini. Ningeiweka mwanzoni ingewachukua hata wale ambao bado hawajajua kama wanaihitaji. Pale ilipo inamlenga mtu mmoja, yule ambaye bajia zake hunyonya mafuta, na ndiye ninayemsemesha kwa mdomo wakati huohuo, kwa sababu kile kidokezo hukaa sekunde chache tu kisha hujikunja, na asiyeelekezwa hakioni. Kadi haina maana pia katika zile sekunde za mwisho, kwa kuwa skrini ya mwisho ikiwepo, kadi hazionyeshwi.

Namba zake zinataka kusomwa kwa uangalifu. YouTube Studio huonyesha asilimia ya waliobofya kipengele kati ya walioonyeshwa, si kati ya wote walioanza kutazama. Tuseme watu 1,000 wameanza, 300 wamefika mwisho na 30 wamebofya: utasoma asilimia 10 na kufurahi, ilhali waliohama ni 3 katika kila 100. Asilimia ikiwa nzuri na idadi ikawa ndogo, tatizo haliko kwenye sanduku, liko katika dakika za katikati zinazowapoteza watu. Mimi huenda pia kwenye takwimu za video ya kachori yenyewe, nikatazama katika vyanzo vya watazamaji ni wangapi walioletwa na skrini za mwisho.

Maoni yaliyobandikwa nimeyaachia wanaorudi. Wapo wengi, hasa jamaa zetu walioko Maskati, ambao huifungua video simu ikiwa jikoni na hawana haja ya kuitazama yote. Kila video hubeba maoni mamoja tu yaliyobandikwa, kwa hiyo nimeandika sentensi mbili fupi na kiungo cha bajia kinachoanzia pale unga unapokorogwa. Hilo hufanywa kwa kuongeza sekunde mwishoni mwa kiungo. Kwa dakika 1 na sekunde 35 naongeza hivi:

```
?t=95
```

Hufaa kwa kiungo kifupi cha youtu.be kisicho na alama nyingine ya kuuliza. Ikiwa alama hiyo imo tayari, huandikwa `&t=95`.

Wifi yangu, mwenye chaneli ya kasida za watoto, alitaka kuuiga mpango huu lakini hakuweza, kwa kuwa video zilizotajwa kuwa ni za watoto hazipewi kadi, skrini za mwisho wala maoni. Yeye humtaja mtoto kwa sauti jina la kasida inayofuata na kuzipanga zote katika orodha moja. Video fupi za Shorts nazo hazina kadi wala skrini ya mwisho, na tangu tarehe 31 Agosti 2023 viungo vilivyomo katika maoni yake havibofyeki. Kwa hizo ninaingia YouTube Studio na kuchagua video ndefu ya urojo katika sehemu iliyoandikwa "Related video", na jina lake huonekana likibofyeka kwenye ile fupi.