Nilivyojifunza kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni kuanzia nyuma

Nina duka la jumla la vyakula huku Mbezi, na ndani ya droo ya kaunta nina daftari la madeni ambalo nalijua kuliko ninavyojua namba ya simu ya mume wangu. Naanza na daftari kwa sababu ndilo lililoniokoa, wala si ushauri wa shemeji yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa 2,000 za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Jina lake silitaji. Shemeji ndiye aliyenishawishi. Nilipomuuliza nitajuaje kama kampuni ni nzima, alijibu kwa ule ujasiri wake wa siku zote: "Shemeji, angalia ukurasa wa mkaguzi. Ukikuta hati safi, lala usingizi." Nikalala usingizi kweli, takriban miaka miwili, nikipokea gawio langu dogo na kujiona tajiri.

Ripoti ya mwaka wa tatu ilipotoka, niliamua kuisoma mwenyewe. Faili lilikuwa na kurasa 140 na kitu, zote Kiingereza. Nikaanza ukurasa wa kwanza kama mtu asomaye hadithi. Picha za wafanyakazi wenye kofia za njano, barua ya mwenyekiti, picha ya miche ya miti, barua ya mkurugenzi mtendaji. Usiku wa pili nilifika kwenye hesabu zenyewe, nikakuta faida kabla ya kodi imeandikwa 1,612,400. Nilicheka hadi mume wangu akaamka. Milioni moja na laki sita kwa mwaka mzima! Kampuni yenye magari yote yale inapitwa na duka langu! Kesho yake nikamsimulia kila mteja aliyekuja kununua unga. Ilinichukua siku mbili kuona, juu kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, kwamba kila tarakimu iko katika maelfu ya shilingi. Faida ilikuwa bilioni 1.6. Wateja wale sikuwarudia kuwasahihisha, wengine wananidai heshima mpaka leo.

Baada ya aibu hiyo nikabadilisha njia. Niliacha picha na barua, nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi.

Sasa huyu mkaguzi ndiye aliyenifanya nimkasirikie shemeji. Sote tumezoea habari za hati kila ripoti ya CAG inapotoka: hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na ile ya mkaguzi kushindwa kutoa maoni kabisa. Tunadhani hati safi ni cheti cha afya. Ukisoma maneno yenyewe, mkaguzi anasema tu kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuaminika na zimefuata kanuni za uhasibu. Kampuni inayozama inaweza kupata hati safi, mradi imeandika kwa ukweli kwamba inazama. Tena kuna aya maalumu ya jambo hilo, ambayo huwekwa chini ya maoni na haiyachafui: mkaguzi anasema kuna mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Mimi huitafuta kwa kuandika kichwa chake, `material uncertainty related to going concern`, kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya faili. Maneno hayo yakijitokeza kwenye kurasa za mkaguzi, hati safi au hati chafu, mimi siendelei kabla ya kusoma aya nzima.

Kwa kampuni yangu haikuwepo. Hati ilikuwa safi. Shemeji angeishia hapo.

Mimi nikateremka mpaka sehemu ya mambo makuu ya ukaguzi. Kwa kampuni zilizoorodheshwa, tangu hesabu za mwisho wa mwaka 2016, mkaguzi anatakiwa kutaja mambo yaliyomsumbua zaidi kichwa, kwa nini yalimsumbua, na alifanya nini kuyapima. Ni kama fundi anayekurudishia gari na kukuambia breki zilimpa kazi. Hasemi ni mbovu, lakini wewe mwenye akili utaangalia breki. Kwa kampuni yangu jambo la kwanza lilikuwa madeni ya wateja: makadirio ya kiasi ambacho hakitalipwa yanategemea sana maamuzi ya menejimenti. Mkaguzi akaandika kwamba aliangalia hata fedha zilizolipwa na wateja baada ya mwaka kufungwa, kisha akataja maelezo namba 17.

Maelezo ya hesabu yako nyuma kabisa ya ripoti, ambako hakuna picha hata moja. Namba 17 ilikuwa jedwali la madeni ya wateja kwa umri: ya siku 30, siku 90, siku 180, na zaidi. Mbele ya kila umri kuna asilimia ambayo kampuni inakadiria haitalipwa.

Nilitabasamu. Hili ni daftari langu! Limevaa suti tu. Mtu akinidai... samahani, nikimdai mtu wiki mbili, atalipa. Miezi miwili, nitamfuata nyumbani. Akipita miezi sita bila kulipa, anaanza kupita njia ya nyuma ya duka ili tusionane, na mimi moyoni nimeshamsamehe zaidi ya nusu.

Madeni yote ya wateja yalikuwa bilioni 9.2, mwaka uliotangulia yalikuwa 6.1. Yaliyopita siku 180 yalikuwa bilioni 5. Na asilimia iliyokadiriwa haitalipwa kwenye hayo ya zaidi ya miezi sita? Kumi na tano. Nikafungua ripoti ya mwaka uliotangulia, nikaiweka kando yake kwenye meza ya kaunta, jedwali lile lile. Arobaini.

Nikachukua kikokotoo cha dukani. Asilimia 40 ya bilioni 5 ni bilioni 2. Asilimia 15 ni milioni 750. Tofauti yake ni bilioni moja na milioni 250. Fedha inayotengwa kwa madeni chechefu hukatwa kwenye faida, kwa hiyo ukitenga kidogo, faida inanenepa. Faida iliyotangazwa ilikuwa bilioni 1.6, na mwaka uliotangulia 1.4, ndiyo maana barua ya mwenyekiti ilishangilia. Ukirudisha asilimia 40 ya zamani, inabaki kama milioni 360. Yaani faida haikupanda. Iliporomoka, ikashikiliwa na kiwango kimoja tu kilichobadilishwa kwenye ukurasa wa 112.

Niseme wazi kwamba huo si wizi. Kubadilisha makadirio kunaruhusiwa, kampuni ikiwa na sababu na ikieleza. Walieleza, kwa sentensi mbili, kwamba wamezingatia uzoefu mpya wa makusanyo. Mkaguzi naye alinyoosha kidole pale pale. Kila kitu kilikuwa hadharani. Kilikuwa tu mahali ambapo mtu kama shemeji hafiki.

Nilipoona nimekuwa bingwa, nikajitia kwenye maelezo ya hatari. Kuna hatari ya wateja kutolipa, hatari ya bei na sarafu, na hatari ya ukwasi, yaani kampuni kukosa fedha taslimu siku deni linapodaiwa. Kwenye ukwasi kuna jedwali la madeni ya kampuni yenyewe: ya kulipwa ndani ya miezi 3, miezi 3 hadi 12, mwaka 1 hadi 5. Nikaona mkopo wa benki humo ni bilioni 7.1. Kwenye mizania, mkopo huo huo, bilioni 6.0. Bilioni moja imefichwa! Nilitetemeka. Niliandika barua kwa kampuni, ukurasa mzima, nikatumia neno "ubadhirifu" mara tatu, nikamfanya mtoto aichape na kuituma. Akanipigia kijana mmoja wa ofisi ya uhasibu, mpole sana. "Mama, jedwali la ukwasi linaonyesha fedha zote zitakazotoka mfukoni hadi mkopo uishe, pamoja na riba ya miaka ijayo. Mizania inaonyesha deni la leo." Nikamwambia asante mwanangu. Nilikata simu nikaenda kupanga mifuko ya sukari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Lakini simu ile ilinifundisha jedwali lile ni la nini, maana hapo ndipo unapoona shilingi kamili na tarehe yake. Nikajumlisha safu mbili za kwanza, wauzaji pamoja na benki: bilioni 5.8 za kulipwa ndani ya miezi 12. Fedha taslimu iliyokuwepo ilikuwa milioni 410. Zilizobaki zingetoka wapi? Kwa wale wadaiwa wa namba 17, wanaopita njia ya nyuma. Nikaangalia taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa fedha itokanayo na shughuli: milioni 890 ndani ya mabano. Mabano ni hasi. Faida ipo, fedha haipo, na gawio langu dogo lilitoka kwenye mkopo mpya wa mwaka ule.

Hapo tu ndipo niliporudi mbele kusoma taarifa ya wakurugenzi, na ilikuwa kama kusoma barua ya mpenzi wakati umeshaongea na jirani yake. "Mauzo yaliongezeka kwa asilimia 18 kutokana na kupanua mtandao wa wateja." Madeni ya wateja yaliongezeka kwa asilimia 50, walikuwa wanakopesha ili wauze. "Hali ya ukwasi ni ya kuridhisha." Niliandika kwa penseli pembeni: 410 kwa 5.8. Kisha nikafanya kitu ninachokipenda kuliko vyote, nacho hakigharimu zaidi ya elfu chache za kuchapisha kurasa: niliweka taarifa mbili za wakurugenzi sambamba, ya mwaka ule na ya mwaka wa nyuma, nikatafuta sentensi iliyotoweka. Mwaka wa nyuma walijisifu kwamba wateja hulipa kwa wastani wa siku 62. Mwaka ule sentensi hiyo haikuwepo, na nafasi yake ilikaa picha ya miche.

Kwenye mkutano mkuu wa wanahisa niliuliza kwa nini 40 imekuwa 15. Nilijibiwa kwa dakika tano juu ya mazingira ya biashara, kisha tukagawiwa chakula. Pilau lilikuwa zuri.

Nikaamua kuuza. Shemeji alinicheka, naye akaongeza za kwake. Wakala wa hisa akanionya kwamba wanunuzi ni wachache, nisitegemee fedha siku hiyo hiyo. Alisema kweli. Hisa 1,200 zilitoka vipande vipande kwa wiki saba hivi, bei ikishuka kidogo kila mara. Hizo 800 zilizobaki ninazo, na ripoti mpya ilipotoka nilifungua maelezo ya madeni ya wateja kwanza: ya zaidi ya siku 180 yametengewa asilimia 38.