Nilivyopata cheti cha ukaguzi wa ndani wa ubora, na ile mizani iliyotutoa jasho

Mimi ni wa laini ya kufungashia, na kwetu wakaguzi wa ndani wanatolewa humuhumu kwa wafanyakazi, so nilipopangiwa kozi nikajua tunaenda kukaririshwa ISO 9001, ile standadi ya mifumo ya ubora, kifungu kwa kifungu. Wapi! Kozi za ngazi hii huwa fupi, siku mbili tatu hivi (ya mkaguzi kiongozi ndo inafika siku 5), na vifungu tulivipitia chapchap tu, muda mwingi ukaishia kwenye ISO 19011, ule mwongozo wa namna ya kukagua: unapangaje, unamhojije mtu, ushahidi ni nini na ripoti inaandikwaje. Mtihani wa maandishi tuliruhusiwa kuingia na standadi yenyewe mkononi, kwa hiyo kukariri hakukusaidii, cha muhimu ujue ufungue wapi.

Kazi ilikuwa kwenye vitendo. Mwalimu anajifanya supavaiza wa shifti, wewe mkaguzi, mezani kuna karatasi za kiwanda cha kufikirika na picha ya mizani namba 7 yenye stika inayosema kalibresheni inayofuata, yaani kuhakiki kama inasoma sawasawa, ni tarehe 14 Machi, na ukaguzi unafanyika tarehe 2 Mei. Hapo wengi wanaruka kuandika "mizani imepitiliza muda" na kuweka kalamu chini. Ngoja kwanza. Stika ni stika tu, kwa hiyo swali la kwanza ni rejista ya vipimo inasemaje, maana inawezekana mizani ilipimwa Machi ileile na cheti kipo ofisini ila hakuna aliyebadilisha stika. Hiyo ni dosari nyingine kabisa. Kifungu 7.1.5.2 kinataka kifaa cha kupimia kihakikiwe kwa vipindi vilivyopangwa, na kinataka pia kiwe na alama inayoonyesha hali yake, haya ni madai mawili tofauti na ukichanganya, ripoti yako inapanguliwa kwenye kikao cha kufunga ukaguzi mbele ya mameneja wote.

Mimi nikaomba rejista, nikaambiwa "rejista anayo mtu wa maabara, yuko likizo". Mtego huo. Mkaguzi hagombani wala hahukumu, nikamuuliza tu "sawa kaka, yeye akiwa hayupo nani anaishika?" ikatoka bila shida, na kweli mizani haikuwa imepimwa.

Sasa kuandika. Dosari ina sehemu tatu: takwa, ushahidi, na kilichokosekana. Ya kwangu ilikaa hivi: "Kifungu 7.1.5.2 kinataka vifaa vya kupimia vihakikiwe kwa vipindi vilivyopangwa. Mizani namba 7, laini ya kufungashia, ilitakiwa kupimwa ifikapo 14 Machi. Tarehe 2 Mei ilikuwa inatumika na rejista haionyeshi kipimo kipya. Uhakiki wa vifaa vya kupimia haufuati ratiba iliyowekwa." Hakuna jina la opereta humo, na hakuna neno "uzembe". Jamaa mmoja aliandika "wafanyakazi hawajali vipimo" akakatwa maksi, kwa sababu ukimwambia athibitishe kutokujali atakuonyesha nini?

Kilichonivutia zaidi ni swali lililofuata, lile linalotenganisha mtu aliyeelewa na aliyefaulu tu: bidhaa zilizopimwa na mizani hiyo tangu 14 Machi zikoje? Kupitiliza tarehe peke yake hakumaanishi mizani inasoma vibaya, lakini ikipimwa ikakutwa haifai, standadi inataka kampuni iangalie kama vipimo vya nyuma vimeathirika na ichukue hatua. Kwa hiyo kubandika stika mpya hakufungi dosari. Unataka kuona matokeo ya kipimo chenyewe, uamuzi kuhusu mzigo uliokwishatoka, halafu sababu ya ratiba kusahaulika. Na hiyo sababu anaitafuta mwenye idara, mkaguzi hampi majibu.

Kitu kingine, angalieni karatasi mnayopewa mwisho, kuna cheti cha kuhudhuria na kuna cha kufaulu, havilingani. Alafu ISO 9001 yenyewe haikudai uwe na cheti, inachodai ni uwezo na kutopendelea, ndo maana kampuni nyingi zinakutaka kwanza uongozane na mkaguzi mzoefu kabla hujaachiwa idara. Mimi nimepewa stoo na manunuzi. Kufungashia sikanyagi na daftari la ukaguzi, kazi yangu mwenyewe siwezi kuikagua, japo mizani zetu nazijua hadi ile inayopenda kugoma asubuhi.