Maksai Aitwaye Makuei

Tangu nirejee Bor, Sudan Kusini, baada ya utoto katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na miaka ya kazi Nairobi, jambo lililonishughulisha kuliko yote ni majina ya sifa ya ng'ombe wetu Wadinka. Kakuma tulikuwa nayo majina hayo bila kuwa na ng'ombe wenyewe. Darasani mwetu walikuwamo Malual, Marial, Makuei, Makuac na Mayen kadhaa, wasichana wakiitwa Yar na Aluel, hata mwalimu alipokuwa akiita mahudhurio ungedhani anahesabu zizi. Tulijua kwamba majina yale yalitokana na rangi, na wengi wetu hatukujua zaidi ya hapo.

Niseme kwanza jinsi majina haya yanavyojengeka, kwa kuwa yana mpango. Kiambishi ma- mwanzoni humwonyesha dume, awe fahali au maksai, na ndicho kinachoanza majina ya wanaume yatokanayo na ng'ombe. Malual ni dume mwekundu wa hudhurungi, na Aluel ni jike wa rangi hiyo hiyo. Mabior ni dume mweupe, na kwa hiyo jina la Garang de Mabior, linalojulikana na kila Msudani Kusini, limebeba ndani yake dume mweupe. Mtoto mara nyingi hupewa jina la ng'ombe aliyetolewa katika mahari ya mama yake, hivyo jina huwa pia kumbukumbu ya ndoa ile.

Kwa ng'ombe wa rangi moja kazi ni rahisi. Jicho linahitajika kwa wale wa rangi mbili, kwa sababu jina halitaji rangi peke yake, bali hutaja pia mahali rangi ilipokaa. Marial na makuei wote wawili wana weusi na weupe, lakini marial ana weupe unaomulika ubavuni, ilhali makuei ana mwili mweusi na kichwa cheupe. Kuei ni furukombe, yule tai wa mtoni mwenye kichwa cheupe ambaye hapa Bor utamwona ametua juu ya miti ya kando ya Nile. Makuac, kwa namna hiyo hiyo, ni mwenye madoa ya chui. Anayesema tu "mweusi na mweupe" bado hajamtaja ng'ombe yeyote, na mzee anayemtafuta ng'ombe wake aliyepotea hatasaidika na maelezo kama hayo.

Nilimkuta makuei mmoja katika kambi ya ng'ombe, ambayo sisi huiita wut, upande wa mtoni, nilipokwenda kumwamkia baba yangu mdogo. Maksai huyo ni wa mwanawe, ndugu yangu. Jua lilikuwa linazama, ng'ombe wakirudi kila mmoja kwenye kigingi chake, na moshi wa samadi ukitanda chini chini kufukuza mbu. Kabla sijaketi, baba mdogo alinielekeza kwa fimbo yake, akasema, "Mwanangu, mtazame yule. Niambie weupe wake unaishia wapi." Nikasogea. Weupe ulifunika uso wote, ukapita nyuma ya masikio na kukoma ghafla shingoni, hapo ilipofungwa kengele, na kuanzia hapo mpaka mkiani hapakuwa na hata unywele mmoja mweupe. "Huyo ni makuei kamili," akasema. "Weupe ungeshuka mpaka begani, tungekuwa na maneno mengine."

Ndugu yangu alipewa maksai huyu na baba yake alipoingia utu uzima, wakati ambapo kijana kwa mila huacha kukama na kuwaachia kazi hiyo wanawake na watoto. Wengi nje ya jamii yetu hushangaa kusikia kwamba mnyama anayesifiwa hivi amehasiwa. Sababu ipo. Fahali wa kuzalisha huchaguliwa kwa kumtazama mama yake, kama ana maziwa mengi, na rangi si hoja kubwa. Dume mwenye mpangilio mzuri wa rangi huhasiwa ili atulie, anenepe, manyoya yang'ae na pembe zirefuke zaidi ya zile za fahali, kisha kazi yake iwe kuonekana. Matokeo yake ni kwamba uzuri huo haurithishwi kwa makusudi, na ndama mwenye rangi za marial au za majok, mipangilio inayopendwa kuliko yote, anapozaliwa huwa ni neema iliyokuja yenyewe.

Pembe ni kazi ya mikono. Zikiwa bado changa, hukatwa kwa mshazari kwa ubavu wa mkuki ulionolewa sana, ili zinapoendelea kukua zijipinde kwa umbo alilokusudia mwenyewe. Ukikata kijuujuu, pembe itakua ilivyotaka. Ukizidisha kina unafika kwenye kiini chenye damu, na hapo kuna kuvuja, nzi na usaha, na huenda pembe ikaharibika moja kwa moja. Makuei wa ndugu yangu ana pembe ya kulia iliyoinuka na ya kushoto iliyopinda mbele ya paji la uso, na ncha zote mbili zimefungwa vishada vya nywele. Ndugu yangu anapocheza huinua mikono yake katika umbo lile lile, mmoja juu na mwingine mbele, na anayemfahamu maksai huyo humtambua mchezaji kwa mbali.

Baada ya rangi na pembe ndipo huja jina la sifa hasa, na hapa ndipo penye utajiri. Mwenye ng'ombe naye huitwa kwa sifa za maksai wake, na mwenye maksai mweusi, macar, hatosheki kuitwa Macar. Huenda akaitwa Kivuli cha Mti. Huenda akaitwa Mtafuta Konokono, kwa sababu kwarara mweusi hutembea kinamasini akichokoa konokono. Au ataitwa Mvunja Baraza, kwa kuwa wingu jeusi la mvua likikaribia, wazee waliokaa kuamua kesi chini ya mti huinuka na kukimbia. Rangi haikutajwa mahali popote, na msikilizaji anatakiwa aifikie mwenyewe kwa kupitia ndege, mti au wingu. Ninaamini hii ni fasihi ya hali ya juu, na inamdai msikilizaji awe ameishi mahali ambapo kwarara na mawingu hayo vipo. Kakuma, penye vumbi na mito mikavu, tungeyajulia wapi?

Ndugu yangu amempa maksai wake jina la Mwita Mto, kwa mlio wa furukombe unaosikika asubuhi juu ya maji. Jioni hiyo alimwongoza kwa kamba kuizunguka kambi, kengele ikilia kwa kila hatua, naye akiimba kwa sauti ya juu. Maksai alikwenda polepole bila kuinamisha kichwa. Mwendo huo nao husifiwa katika wimbo, na anayevutavuta kamba au kushtuka hupunguza heshima ya mwenyewe.

Mwaka 1991 ng'ombe wengi wa Bor waliporwa, na mafuriko ya mwaka 2020 yakafunika malisho, watu wengi wakahamia Mangalla na mifugo ikasogezwa kusini. Katika nyimbo nilizosikia kambini mambo haya yameshaingia. Ubeti mmoja wa ndugu yangu unasema kwamba Mwita Mto aliita, na mto ukamfuata mpaka Mangalla. Baba mdogo aliurudia ubeti huo mara mbili, kisha akamwambia mwanawe kwamba neno la mwisho alivute zaidi, ili mlio wa furukombe usikike.